Mtoto yule yule hadi ukurasa wa 32: jinsi ya kutumia karatasi ya mhusika

Msichana mmoja mchoraji aliniletea nyumbani bahasha ya michoro 13 ya kitabu cha watoto, niitazame kabla haijapelekwa kwa mpiga chapa. Hadithi yenyewe ni fupi. Zuwena, mtoto wa miaka saba wa Mtaa wa Kale hapa Mombasa, ampelekea babu yake chakula cha mchana bandarini. Njiani upepo wamnyang'anya utepe wa nywele. Michoro ilikuwa mizuri, rangi safi, mistari imetulia. Nikaiweka juu ya jamvi, na mtoto wa dadangu wa miaka mitano akaja kutazama.

Alipofika mchoro wa kumi akasimama. "Mjomba, huyu ni nani?"

"Si Zuwena huyo?"

Akarudi mchoro wa kwanza, akatazama, akaenda tena wa kumi. "La. Zuwena ni huyu. Huyu mwengine ni mdogo wake."

Yule mchoraji alicheka, kisha akanyamaza, kwa sababu mtoto alikuwa na haki. Gauni lilikuwa lile lile la rangi ya chungwa na misuko ilikuwa miwili kama mwanzo. Lakini mtoto asiyejua kusoma hana jina la kumwongoza. Humjua mhusika kwa umbo lake tu. Umbo likibadilika, kwake yeye mtu amebadilika, na hadithi imekatika hapo.

Makala haya yanaeleza kilichoharibika katika ile michoro na namna kinavyozuiwa kwa kitu kimoja kiitwacho karatasi ya mhusika. Ni karatasi ambayo mchoraji huitengeneza kabla ya ukurasa wa kwanza, na ambayo kila ukurasa hupimwa kwayo.

Mhusika huhama kidogo kidogo

Nilimuuliza alichora vipi. Akasema alichora ukurasa wa kwanza, akaupenda, kisha akauweka mbele yake alipokuwa akichora wa pili. Alipochora wa tatu aliutazama wa pili. Na ndivyo alivyoendelea hadi mwisho.

Hapo ndipo kosa lilipo, na wengi wetu hulifanya. Kila unaponakili unakosea kidogo, na kosa la jana huwa ndilo kipimo cha leo. Chukua hesabu rahisi. Tuseme Zuwena ana urefu wa sentimita 15 na kichwa chake ni sentimita 3. Tuseme kila mchoro mkono wako unakikuza kichwa kwa asilimia 2 tu, kiasi ambacho jicho halikioni. Kutoka mchoro wa kwanza hadi wa 13 kuna hatua 12, na kichwa kitafikia karibu sentimita 3.8. Mwili uliokuwa na urefu wa vichwa vitano sasa ni wa vichwa vinne.

Mtoto mchanga ana urefu wa takriban vichwa vinne, na mtu mzima hufika saba au saba na nusu. Kwa hivyo kichwa kikikua juu ya mwili ule ule, macho yetu husoma umri mdogo zaidi. Ndiyo sababu yule mtoto alisema "mdogo wake". Zuwena alikuwa amerudi nyuma miaka kadhaa akiwa njiani kwenda bandarini.

Kanuni ya kwanza basi ni hii: ukurasa wa saba haunakiliwi kutoka ukurasa wa sita. Kila ukurasa hunakiliwa kutoka karatasi moja isiyobadilika. Ukikosea kwa asilimia 2 leo, kosa hilo linabaki katika ukurasa wa leo na halirithiwi na wa kesho.

Wachoraji wa filamu za katuni waliligundua jambo hili mapema, kwa kuwa kwao mhusika mmoja huchorwa na mikono mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 studio ya Walt Disney ilikuwa na idara nzima ya kazi hiyo, ikiongozwa na Joe Grant, ikitoa karatasi za kuonyesha kila mhusika anavyopaswa kuwa. Mchoraji wa kitabu ni mtu mmoja, lakini mkono wa mwezi huu si mkono wa mwezi ujao.

Mistari na mikao minne

Chukua karatasi ya ukubwa wa A3 na uilaze. Piga kwa rula mistari sita ya kulala, kutoka ukingo hadi ukingo, kila mmoja ukiwa sentimita 3 chini ya mwenzake. Mstari wa juu kabisa ni utosi wa Zuwena na wa chini kabisa ni nyayo zake. Kati yao kuna nafasi tano, yaani vichwa vitano.

Sasa amua kila kiungo kiko wapi, na ukiandike pembeni mwa mstari. Katika karatasi tuliyoitengeneza upya, kidevu kiko mwisho wa kichwa cha kwanza. Kiwiko cha mkono unaoning'inia kiko mwisho wa cha pili. Kifundo cha mkono na mwanzo wa miguu viko mwisho wa cha tatu. Goti na pindo la gauni viko mwisho wa cha nne. Hivyo tu. Mchoraji mwengine angechagua vipimo vyengine, na si kosa. Kosa ni kuchagua kisha kusahau.

Juu ya mistari hiyo chora Zuwena mara nne, amesimama wima, mikono imeachana kidogo na mwili. Mchoro wa kwanza atazame mbele. Wa pili awe mshazari, uso umegeuka kidogo hata jicho moja limekaribia ukingo wa shavu. Wa tatu awe wa ubavu. Wa nne atupe mgongo. Kwa kuwa mistari inapita katika yote minne, pua ya ubavuni haiwezi kuwa juu kuliko pua ya mbele. Ukiona kiungo kimoja hakikubaliani na mstari wake, kirekebishe hapo hapo, kabla hakijaingia kitabuni.

Usiuruke mkao wa mgongo. Wengi huuruka kwa kudhani hautahitajika. Yule mchoraji aliuruka, na katika mchoro wa sita Zuwena anatazama bahari akiwa ametupa mgongo. Ikambidi abuni palepale misuko inaanzia wapi na gauni limefungwa kwa nini. Akachora vifungo vitatu. Katika mchoro wa tisa, babu amembeba Zuwena begani na mgongo wake unaonekana tena, na mara hii una mkanda uliofungwa fundo. Hakuna aliyekuwa amemwambia gauni lile hufungwa vipi.

Mkao wa mshazari nao uchorwe kwa uangalifu zaidi, kwa sababu katika vitabu vingi huo ndio utakaoutumia mara nyingi. Watoto wa vitabuni huzungumza na wenzao, hutembea na hutazama vitu, na ni nadra kusimama wakikutazama usoni. Wako wachache wa namna hiyo. Sungura Miffy wa Mholanzi Dick Bruna, aliyetoka mara ya kwanza 1955, huwa na uso unaomtazama msomaji hata mwili wake ukiwa unakwenda upande. Uamuzi kama huo hupunguza kazi, kwani uso ni mmoja tu wa kutunza. Lakini lazima uamuliwe kabla ya ukurasa wa kwanza na ufuatwe hadi wa mwisho.

Kulia kwake, si kulia kwako

Kosa la pili katika ile bahasha lilikuwa la mfuko wa gauni. Katika mchoro wa kwanza mfuko ulikuwa upande wa kulia wa Zuwena. Katika mchoro wa saba ulikuwa kushoto, na jino lililong'oka nalo lilikuwa limehamia upande wa pili wa mdomo.

Nilipouliza, sababu ilikuwa nyepesi. Zuwena alikuwa akitembea kuelekea kulia mwa ukurasa, kisha hadithi ikamtaka arudi. Mchoraji aliubandika mchoro wa zamani kwenye kioo cha dirisha kwa upande wa nyuma, akaufuatisha, na Zuwena akageuka vizuri. Lakini kila kilichokuwa upande mmoja wa mwili kiligeuka naye. Anayechora kwa kompyuta hupata kosa lile lile kwa kubonyeza mara moja tu.

Alama za upande mmoja ni hazina, kwa kuwa ndizo zinazomtambulisha mtoto upesi, na ndizo ziponyokazo kwa urahisi. Kwa hivyo chagua chache. Zuwena anazo tatu: utepe wa buluu kwenye msuko wa kushoto, mfuko wa gauni upande wa kulia, na pengo la jino la juu la mbele, upande wa kulia. Ziandike kwenye karatasi kwa maneno, na useme wazi kwamba kulia ni kulia kwake mwenyewe. Mtu anayekutazama, mkono wake wa kulia uko kushoto kwa macho yako. Ukiandika "kulia" bila kueleza, baada ya wiki mbili wewe mwenyewe hutajua ulikusudia nini.

Kisha ukimgeuza mhusika kwa kioo cha dirisha au kwa kompyuta, pitia alama hizo moja moja kabla hujatia wino.

Uso unaocheka na uso unaolia

Karatasi ya pili ni ya nyuso. Chora kichwa cha Zuwena mara sita kwa ukubwa mmoja: ametulia, amefurahi, amehuzunika, ameogopa, amekasirika, ameshangaa. Chagua zile ambazo hadithi yako inazihitaji. Kama hakasiriki popote, usijisumbue na hasira.

Karatasi hii hukufunza kipi kinasogea na kipi hakisogei. Nyusi hupanda na kushuka. Kope hufunguka na kufumba. Mdomo hubadilika wote, na ukifunguka sana kidevu hushuka kidogo. Lakini nafasi kati ya jicho na jicho haibadiliki kwa furaha wala kwa huzuni. Sikio halihami. Mstari wa nywele kwenye paji la uso hausogei. Mchoraji anapotaka mshangao mkubwa, mara nyingi huyatenganisha macho pia, na hapo mhusika hugeuka mtu mwengine aliyeshangaa.

Katika karatasi ya Zuwena tuliandika hivi: kati ya macho mawili linaingia jicho la tatu, na ncha ya juu ya sikio iko sawa na nyusi akiwa ametulia. Sentensi moja kama hiyo hukuokoa kwenye kurasa nyingi.

Rangi iwe na kipimo

Rangi ya chungwa ya gauni la Zuwena ilianza ikiwa kama papai na kuishia kama tofali. Mchoraji alikuwa akichanganya rangi ya maji upya kila siku, kwa kukisia. Rangi ya maji ina tabia ya kukauka ikiwa nyepesi kuliko ilivyokuwa mbichi, kwa hivyo ukilinganisha rangi iliyo kwenye brashi na gauni lililokauka jana, utadanganyika kila mara.

Dawa yake ni kuandika mchanganyiko na kuweka kipande kilichokauka. Kwa gauni tuliandika sehemu tatu za manjano kwa moja ya nyekundu. Kwa ngozi, sehemu mbili za hudhurungi kwa moja ya manjano na tone la nyekundu. Kando ya kila mchanganyiko tulipaka mraba mdogo, kwenye karatasi ya aina ile ile ya kurasa, kwa kuwa karatasi nyengine hunywa maji kwa namna nyengine. Kabla ya kupaka ukurasa mpya, paka kwanza kipande cha majaribio, kiache kikauke, kisha kiweke ubavuni mwa mraba. Vikilingana, endelea.

Anayechora kwa kompyuta ana njia nyepesi. Kila rangi ina namba yake, na namba hiyo huandikwa kwenye karatasi ya mhusika. Gauni la Zuwena lingekuwa `#E8862E`. Asichague tena kwa jicho, aiandike namba.

Ukurasa wa usiku una hukumu yake. Usibuni rangi mpya za usiku kwa kila kitu. Paka kama kawaida, acha ikauke, kisha pitisha buluu moja nyembamba sana juu ya mchoro mzima. Gauni, ngozi na ukuta vyote hubadilika pamoja, na msomaji huelewa kwamba kilichobadilika ni mwanga.

Msimamishe na wenzake

Zuwena hayuko peke yake. Katika mchoro wa tatu alikuwa akifika kiunoni mwa babu, na katika wa 12 akafika begani. Kwa hivyo karatasi inahitaji safu moja zaidi, ambamo wahusika wote wamesimama kwenye mstari mmoja wa ardhi.

Babu tulimpa vichwa saba, kila kimoja sentimita 3, jumla sentimita 21. Kumbe kichwa cha babu na cha Zuwena ni sawa kwa ukubwa, na tofauti yao iko kwenye miili. Jambo hili huwashangaza wengi, lakini halitoki mbali na maumbile, kwani kichwa cha mtoto wa miaka saba kimeshakaribia ukubwa wa kichwa cha mtu mzima. Kwa vipimo hivyo utosi wa Zuwena unafika kifuani mwa babu. Tuliandika hivyo: kifuani. Pia tulichora kando yao mlango wa nyumba na kile kikapu cha chakula, kwa sababu kikapu nacho kilikuwa kikikua na kupungua.

Jedwali la kurasa

Karatasi ya mhusika husema Zuwena yukoje. Haisemi yukoje katika ukurasa fulani. Vitabu vingi vya picha vya watoto vina kurasa 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa ikatoa kurasa 16, na mbili za namna hiyo hufanya 32. Ukitoa kurasa za jina na za haki, hubaki nafasi ya michoro mikubwa kama 13 ya kurasa mbili mbili. Chora jedwali la mistari 13, na katika kila mstari uandike ni saa ngapi za siku, Zuwena ameshika nini, na nini kimebadilika mwilini mwake.

Utepe hupotea katika mchoro wa nane. Kwa hivyo kuanzia wa tisa msuko wa kushoto hauna utepe na umeanza kufumuka. Katika ile bahasha utepe ulipotea wa nane, ukarudi wa kumi, ukapotea tena wa 11. Mchoraji alikuwa amechora wa kumi kabla ya wa nane, kwa kuwa aliupenda zaidi. Hakuna ubaya kuchora kurasa bila mpangilio, ila uwe na jedwali.

Utajuaje kwamba umepotoka

Kata ukanda mwembamba wa karatasi. Uweke juu ya kichwa cha mhusika katika ukurasa uliomaliza kwa penseli, tia alama utosini na kidevuni, kisha uuteremshe mwilini ukihesabu. Zuwena akiwa mbali na ana sentimita 5 tu, kichwa chake kiwe sentimita 1. Ikitoka nne na nusu, futa sasa, kabla ya rangi.

Kipimo hicho hakifai kila mahali. Mtoto aliyechuchumaa, au aliyenyoosha mkono kukuelekea, hufupika machoni, na ukanda utakwambia amekosewa na hali yuko sawa. Hapo pima kiungo kwa kiungo kile kisichofupika, kama upana wa kichwa, na uamini jicho.

Michoro yote ikiwa tayari kwa penseli, itandaze sakafuni kwa safu na usimame mbali. Usiitazame hadithi. Tazama kichwa tu kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, kisha rudia kwa gauni, kisha kwa misuko. Makosa ambayo hukuyaona kwa wiki sita utayaona kwa dakika moja, kwa sababu sasa wa kwanza na wa 13 wako pamoja.

Yule mchoraji alichora upya michoro minne yote na kurekebisha sehemu za mitano mengine. Ilimchukua muda ambao karatasi mbili zingemwokolea, na alilisema hilo mwenyewe. Aliporudi, nilimwita tena mtoto wa dadangu. Akapitia mchoro mmoja mmoja, akafika wa kumi, akasimama pale pale.

"Mjomba, utepe wake bado haujapatikana?"